Futi ya Fundi au Mizani ya Kitanda?

Mgonjwa asiyeweza kusimama hapimwi kwa mizani ya bafuni. Mizani ya kitanda na ile ya kuning'iniza humpima akiwa amelala, lakini ni vifaa vya hospitali kubwa na bei yake ni ya mamilioni. Futi ya fundi cherehani haizidi sana bei ya soda. Ukiongeza vibao viwili bapa, unaweza kupima mkono na goti, ukakadiria uzito ukiwa nyumbani.

Utepe wa kliniki ya watoto usiununue: huishia karibu sentimita 26, na mikono ya watu wazima wengi ni minene kuliko hapo. Futi ya kitambaa nayo huvutika ikizeeka, kwa hiyo ilinganishe kwanza na rula.

Kwa mkono, kunja kiwiko, tafuta katikati kati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, weka alama. Kisha nyoosha mkono, uinue kidogo juu ya taulo, uzungushe futi pale penye alama bila kukaza. Kwa goti, kunja goti na kifundo cha mguu kwa nyuzi 90. Kibao kimoja kiguse unyayo, kingine kilale juu ya paja karibu na goti. Pima umbali kati yao.

Chukua mwanamke wa miaka 45, goti sentimita 50, mkono 27. Fomula iliyotokana na vipimo vya wanawake Wamarekani weusi wa miaka 19 hadi 59 ni hii:

```
uzito = (1.24 × goti) + (2.97 × mkono) − 82.48
```

Yaani 62 + 80.19 − 82.48, sawa na kilo 59.7. Wanaume na wazee wana namba zao, usiwaingize humu. Iko pia njia ya mkato isiyohitaji goti: mkono mara 4, toa 50. Kwa mama huyu inatoa kilo 58, na binafsi ningeanza nayo.

Angalia uzito wa kila kosa kwenye fomula. Ukikosea goti kwa sentimita moja, jibu linapotoka kwa kilo 1.2; ukikosea mkono, kwa karibu kilo 3. Basi rudia mkono mara mbili. Mkono ukiwa umevimba, jibu litapanda bila mtu kunenepa. Ukiwa umepooza na kusinyaa, litashuka, hivyo pima mkono ulio mzima. Maji yaliyojaa tumboni futi haiyaoni kabisa.

Hata ukipima vizuri, kupishana na mizani kwa kilo 10 hutokea. Kwa kupanga chakula, futi inatosha. Kwa dawa ambayo kipimo chake hakina nafasi ya kukosea, mwambie daktari kuwa hayo ni makadirio, kisha ulizia hospitali yenye mizani ya kiti au ya kitanda. Gharama ya gari la kumpeleka ina maana hapo.