Umeme Ukikatika Katikati ya Kuandika

Karani wa stesheneri akibonyeza kitufe cha kuhifadhi, barua aliyoichapa haiingii diskini kwa mkupuo mmoja. Tuseme kompyuta yake inatumia Linux, na diski imepangwa kwa mfumo wa mafaili uitwao ext4. Barua imerefuka kwa bloku moja, yaani baiti 4096. Kwa nyongeza hiyo tu, diski hulazimika kuandikwa mahali patatu: penye maneno yenyewe, penye inodi, ambayo ni rekodi inayotaja ukubwa wa faili na vipande vyake vilipo, na penye ramani inayoonyesha bloku zipi zimeshachukuliwa.

Umeme ukikatika pale ramani imeshaandikwa na inodi bado, bloku moja inahesabika kuwa imechukuliwa ilhali haina mwenyewe. Hiyo ni hasara ndogo. Balaa liko upande wa pili: inodi imeandikwa, ramani bado. Barua inadai bloku ambayo kwa mujibu wa ramani ni tupu, kwa hiyo kesho bloku hiyohiyo inaweza kupewa faili la mahesabu. Mafaili mawili yatakuwa yanaandikiana juu, na kwa muda hakuna atakayegundua.

Mfumo wa ext2, uliotangulia, ulijilinda kwa jasho. Mashine iliyozimika vibaya ilipowashwa, programu ya fsck ilipitia inodi zote na kuzilinganisha na ramani. Kadiri diski zilivyokuwa kubwa, ndivyo watu walivyozidi kusubiri, na kwenye seva kubwa kazi hiyo iliweza kula saa nzima na zaidi. Mwaka 1998 Stephen Tweedie alieleza namna ya kuupa mfumo huo shajara, na Novemba 2001 kazi yake, ext3, ikaingia katika Linux 2.4.15.

Shajara ni sehemu ya diski iliyotengwa. Kabla ya kugusa inodi na ramani zilipo, mfumo huandika kwanza humo bloku ya maelezo inayosema, "bloku zinazofuata ni za mahali fulani na fulani." Kisha hufuata nakala za bloku zenye inodi mpya na ramani mpya, na mwishoni bloku ya uthibitisho. Uthibitisho ukishatua diskini, ndipo mabadiliko hayo yanaruhusiwa kupelekwa mahali pake halisi, tena bila haraka.

Umeme ukirudi, mfumo husoma shajara peke yake. Kundi lenye uthibitisho hunakiliwa mahali pake, na lisilo nao huachwa kana kwamba halikuwahi kuanza. Hata umeme ukikatika tena katikati ya ukarabati, hakuna linaloharibika, kwa sababu kunakili kitu kilekile mahali palepale mara mbili hakubadilishi matokeo. Kazi hii kwa kawaida huchukua sekunde chache, na katika kumbukumbu za mfumo huonekana mstari huu:

```
EXT4-fs (sda1): recovery complete
```

Mstari huo hausemi kwamba barua iko salama, na hapa ndipo wengi wanapopotoka. Kwa mpangilio wake wa kawaida, ext4 haiweki maneno ya faili katika shajara. Inachokilinda ni muundo wa diski. Mwaka 2009 waliokuwa wakijaribu ext4 kwenye Ubuntu waliona mafaili yenye baiti sifuri baada ya mashine kuzimika ghafla. Programu zao zilikuwa zikiandika faili jipya, kisha kulipa jina la lile la zamani. Badiliko la jina liliwahi kuingia katika shajara, ilhali maneno yalikuwa bado kwenye RAM, kwani ext4 huchelewa kuyachagulia bloku. Theodore Ts'o, msimamizi wa ext4, alieleza kwamba programu inapaswa kuita `fsync` kabla ya kubadili jina, ili maneno yatangulie kufika. Hata hivyo, Linux 2.6.30 iliongezewa kinga kwa ajili ya programu zisizofanya hivyo, na ni vyema ilifanya hivyo, maana mtumiaji hana njia ya kujua programu yake imeandikwaje.

Shajara pia hutegemea ukweli wa diski. Diski nyingi hupokea data kwenye hifadhi yake ya muda na kuiandika kwa mpangilio inaoutaka yenyewe, kwa hiyo ext4 huiamuru imalize yaliyotangulia kabla ya kuandika uthibitisho. Diski inayojibu "tayari" kabla ya kumaliza huweza kuacha uthibitisho ukiwa umetangulia kilichothibitishwa. Dalili zake ni maonyo ya `EXT4-fs error` siku kadhaa baada ya ukarabati ulioonekana kwenda vizuri. Hapo inabidi kurudi kwenye ukaguzi ule wa kale wa diski nzima, huku sehemu hiyo ya diski ikiwa haitumiki:

```
e2fsck -f /dev/sda1
```