Kuku Na, Kuku No

Mgeni wa meza ya 6 aliomba kuku wa kuchoma asiye na pilipili. Akaletewa kuku aliyepakwa pilipili mpaka mfupani, na baada ya tonge la kwanza akawa anapapasa glasi ya maji huku machozi yanamtoka. Wakati huo nilikuwa mhudumu katika hoteli moja ya ufukweni, Unguja. Meza haikuwa yangu, basi nikapata wasaa wa kuingia jikoni kuitazama karatasi ya oda, ambayo bado ilikuwa imebanwa juu ya dirisha la kutolea chakula. Mwenzangu, kijana wa Zimbabwe aliyekuwa na miezi miwili tu visiwani, alikuwa ameandika "1 kuku choma no pilipili". Mpishi, mtu wa Makunduchi, alikuwa amesoma "kuku choma na pilipili".

Ukimuuliza kila mmoja wao, alikuwa na haki yake. Kijana alijifunza majina ya vyakula kwa Kiswahili ili amrahisishie mpishi, ila neno la kukataza likabaki la Kiingereza. Mpishi naye, akiona kuku huku na pilipili kule, jicho lake limeshamwambia kuwa katikati pana "na". Herufi o ikiandikwa mbiombio na kuachiwa kamkia, tayari ni a. Kitabu chetu cha kapteni oda kilikuwa cha nakala tatu, na iliyokwenda jikoni ilikuwa ya kaboni, hafifu kama maandishi ya juzi.

Wanaoandika Kiingereza kitupu nao wana shimo lao. Kwa mkato wao, w/ maana yake ni pamoja na, na w/o maana yake ni bila. Tone moja la mafuta likidondokea hiyo o, mgeni ameletewa alichokikataa.

Tulijaribu alama ya kutoa, ile −, tukaiacha baada ya wiki kwa sababu ilionekana kama kistari cha kuanzia mstari. Alama ya X ilikuwa mbaya zaidi, maana jikoni x2 ni sahani mbili. Tulipokuja kutulia ni kwenye neno BILA, kwa herufi kubwa, kwenye mstari wake peke yake chini ya chakula kinachohusika, tena limezungushiwa duara:

```
MEZA 6   KITI 3
1 KUKU CHOMA
    BILA PILIPILI
```

Neno hilo halifanani na "na" wala "no", na hata likifutika nusu, mpishi atauliza. Wahudumu wageni walilijifunza siku moja. Hotelini kwetu kiti cha 1 kilikuwa kile kilicho karibu zaidi na mlango wa jikoni, kisha unahesabu kufuata mwendo wa saa, ili anayebeba sahani asisimame mezani kuuliza nani kaagiza nini.

Maneno mengine hayana kosa la mwandiko hata kidogo, na mashine ya kuchapa oda haiyasaidii. Chukua rosti. Mzungumzaji wa Kiingereza akiandika "roast" anafikiria nyama kavu iliyotoka kwenye oveni. Mpishi wetu akisoma rosti, anakaanga vitunguu na nyanya na kutengeneza mchuzi mzito. Karatasi imesomeka sawasawa, chakula kimepikwa vizuri, na mgeni anakirudisha. Sisi tulilipiga marufuku neno hilo peke yake: ama uandike OVENI, ama MCHUZI MZITO.

Linalotisha ni "no nuts". Kwa Kiingereza neno hilo huweza kukusanya karanga, korosho, lozi na jamaa zake wote. Kiswahili cha kila siku hakina kapu moja la namna hiyo. Ukilitafsiri "bila karanga", mpishi ataondoa karanga na kuacha mchuzi wa korosho, naye atakuwa ametii oda neno kwa neno. Mtu mwenye mzio anaweza kuvimba koo na kushindwa kupumua. Kwa hiyo mhudumu alitakiwa arudi mezani, amuulize mgeni moja baada ya nyingine, kisha aandike zote: BILA KARANGA, BILA KOROSHO, BILA LOZI. Halafu karatasi hiyo haikubandikwa tu dirishani. Aliipeleka mkononi, na mpishi akamsomea kwa sauti kile atakachokiacha.

Kusoma huko tulikuona usumbufu, hasa saa mbili usiku jikoni kukiwa kunawaka. Mpaka jioni moja mpishi yuleyule wa Makunduchi aliposoma mistari yote mitatu, akanyamaza kidogo, akamtazama yule kijana.

"Na blenda je? Asubuhi nimesagia korosho humu."

Mchuzi wa sahani ile ulitwangwa kwenye kinu kingine.