Ukifungwa mara moja, bado umo

Katika mtoano wa kawaida wenye timu nane, nusu ya timu hufunga mabegi siku ya kwanza. Hata timu ya pili kwa ubora katika mashindano yote inaweza kuwa miongoni mwao, kwa sababu tu droo iliwakutanisha mapema na walio bora kuliko wote. Kuna mfumo wa mtoano unaoziba tundu hilo: timu haiagi mashindano mpaka ifungwe mara mbili. Wapenzi wa besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani, inayofikia kilele chake kila mwaka mjini Omaha, wameuzoea. Wachezaji wa michezo ya kompyuta wameuzoea pia.

Ratiba yake ina pande mbili. Upande wa juu ni wa timu ambazo hazijafungwa. Ukifungwa huko, unashuka upande wa chini, na ukifungwa tena huko chini, safari imeisha. Kazi ngumu ya mpangaji ni kuamua kila anayeshuka aangukie wapi.

Tuziite timu zetu A hadi H. Siku ya kwanza A inaifunga B, C inaifunga D, E inaifunga F, na G inaifunga H. Waliofungwa wanashuka na kukutana wao kwa wao: B na D, F na H. Tuseme D na H ndizo zinazoshinda, na B na F zinaaga. Wakati huohuo huko juu inachezwa nusu fainali. A inaifunga C, na E inaifunga G. Sasa C na G zinashuka.

Hapa ndipo wapangaji wengi hukosea. Njia iliyonyooka kwenye karatasi inaipeleka C moja kwa moja kwa D, kwa kuwa zote zimetoka kona moja ya ratiba. Lakini C imeshaifunga D siku ya kwanza! D imepambana ikabaki hai, halafu inapewa mpinzani yuleyule. Dawa yake ni kuvusha: anayeshuka kutoka nusu ya kwanza ya ratiba apelekwe nusu ya pili, na wa nusu ya pili apelekwe ya kwanza. Basi C inacheza na H, G inacheza na D, na hakuna anayerudia mechi.

Tuendelee. C inaifunga H, G inaifunga D, kisha C inaifunga G. Huko juu E inaifunga A katika fainali ya upande wa juu, na A inashuka kukutana na C. Hizi zilishacheza nusu fainali, na safari hii marudio hayakwepeki, kwani chini imebaki timu moja tu ya kumpokea anayeshuka. Kuvusha kunasaidia raundi za mwanzo. Kadiri timu zinavyopungua, pa kuvushia panakwisha.

Ukitaka kujua kama ratiba yako ni sahihi, hesabu. Kila timu isipokuwa bingwa lazima ifungwe mara mbili, kwa hiyo timu saba zinatoa mechi 14. Bingwa akiwa naye amefungwa mara moja, zinakuwa 15. Karatasi yako ikionyesha 13, kuna timu imetolewa kwa kufungwa mara moja tu.

Mechi hiyo ya 15 ndiyo inayozua ugomvi. Tuseme C inaishinda A na kwenda fainali kuu dhidi ya E, ambayo haijafungwa hata mara moja. C inashinda tena. Sasa kila moja imefungwa mara moja, kwa hiyo kwa mantiki ya mfumo wenyewe inabidi zirudiane. Baadhi ya mashindano makubwa hayafanyi hivyo. Agosti 2017, katika mashindano ya dunia ya mchezo wa Dota 2 mjini Seattle, Team Liquid walianguka raundi ya kwanza ya upande wa juu, wakapanda kupitia chini, wakawafunga Newbee 3–0 katika fainali iliyochezwa mara moja tu. Newbee walikuwa wamefika fainali kwa njia ya juu. Ubingwa wa Liquid ulikuwa halali kwa kanuni zilizokuwepo, lakini Newbee walinyimwa nafasi ya pili ambayo hawakuwa wameihitaji mpaka siku hiyo.

Wanaotetea fainali moja wana hoja: muda, uwanja, na watazamaji wasiojua watarudi nyumbani saa ngapi. Pia C imefika fainali ikiwa na mechi tano miguuni, E ikiwa na tatu. Hata hivyo naona marudiano ndiyo haki. Ukiandaa mashindano ya namna hii, tenga muda wa mechi 15, na uandike kanuni ya fainali kabla droo haijachezeshwa, si baada ya C kushinda.