Solver: Injini Ipi kwa Hesabu Ipi?

Mwoka mikate anataka kujua aoke mikate mingapi na maandazi mangapi apate faida kubwa kwa fedha alizo nazo. Kila mkate ukiongeza faida ileile, katika Solver ya Excel achague Simplex LP. Jibu lake ndilo bora kabisa.

Sasa muuza unga anapunguza bei kwa anayenunua zaidi ya kilo 100, na fomula inaingia IF. Simplex inagoma: “The linearity conditions required by this LP Solver are not satisfied.” Wengi hukimbilia GRG Nonlinear. Siishauri hapa: hufuata mabadiliko ya polepole, hivyo ikianzia kilo 60 huenda isiufikie unafuu ulio ng'ambo ya 100. Evolutionary hujaribu huku na huko. Iwekee kila seli kima cha chini na cha juu, kisha iendeshe tena, maana haithibitishi kuwa jibu lake ndilo bora.