Ute na Joto la Mwili: Alama Mbili Zisomwe Pamoja

Katika njia ya ute na joto, alama moja haitoshi. Tuchukue mfano. Mke anaona ute mwangavu, wenye kuteleza na kuvutika, kwa mara ya mwisho siku ya 14; anahesabu siku tatu, hadi ya 17. Joto, analolipima kila alfajiri kabla ya kuondoka kitandani, linapanda siku ya 16, 17 na 18, likizidi vipimo sita vilivyotangulia, na siku ya tatu kwa nyuzi 0.2. Hivyo wanangoja hadi jioni ya siku ya 18. Homa huweza kupandisha joto bila yai kutoka.

Katika utafiti wa Ujerumani wa mwaka 2007, wanawake waliofundishwa vema walipata mimba zisizokusudiwa takriban 2 kwa 100 kwa mwaka. Kwa wanaokisia, hatari ni kubwa zaidi.