Picha Uliyoikata Bado Imo Ndani ya iPhone

"Fundi, una programu ya kurudisha picha niliyoihariri nikai-save?" Swali hili linaletwa dukani kila mara, na lina kosa ndani yake. Linadhani picha ya kwanza imefutwa. Haikufutwa.

Unapokata picha au kubadili rangi zake ndani ya Photos, iPhone haiigusi picha asilia. Huiacha kama ilivyopigwa, kisha huandika pembeni faili dogo lenye maelekezo: kata hapa, ongeza mwanga pale. Unachokiona ni picha asilia iliyopitishwa kwenye maelekezo hayo. Hata ukibonyeza Done na kukaa mwaka mzima, asilia bado ipo.

Ndiyo maana nakereka na wanaouza "skani ya kurudisha picha". Mteja aliyekata picha ya harusi, akamtoa mjomba wake pembeni, anaambiwa simu iunganishwe kwenye kompyuta ichimbuliwe. Ichimbuliwe nini? Kwenye iPhone kila faili limefungwa kwa ufunguo wake wa siri. Faili likifutwa kabisa, ufunguo nao hutupwa, na kinachobaki kwenye hifadhi hakisomeki kwa programu yoyote. Kwa hiyo skani haiwezi kurudisha kilichofutwa kweli, na kisichofutwa hakiihitaji. Kibaya zaidi ni yule anayeshauri simu ifutwe yote ili irudishwe kutoka bakapu. Kama umewasha iCloud Photos, picha zako hazimo kwenye bakapu ya iCloud, na kama kuna zilizokuwa hazijapanda bado, utazipoteza kwa ajili ya picha ambayo haikupotea.

Sasa fanya hivi. Fungua picha, bonyeza Edit, tafuta Revert, kisha Revert to Original. Kwenye baadhi ya matoleo imo ndani ya vitone vitatu. Mjomba atarudi mahali pake. Lakini agizo hilo hufuta mabadiliko yote kwa mkupuo, si la mwisho tu. Ukitaka kubaki na zote mbili, chagua kwanza Duplicate, halafu urudishe nakala moja.

Usipoiona Revert, picha uliyoishika haina asilia ndani yake. Huenda ulitumiwa kwa WhatsApp ikiwa tayari imekatwa. Hapo mwombe aliyeipiga. Au uliihariri kwa programu nyingine iliyotoa picha mpya. Hapo asilia ni picha tofauti, itafute kwenye Photos kwa tarehe uliyoipiga. Ikiwa uliifuta baada ya kupata hiyo mpya, nenda Recently Deleted kabla siku 30 hazijaisha. Zikipita, na hakuna nakala popote, imekwenda, na anayekuahidi vinginevyo anataka pesa yako.