Kwa Nini Daraja Hufungwa Usiku Ili Liinuliwe Milimita Nane: Hatua za Kubadilisha Beringi za Daraja

Tangazo la kufungwa kwa daraja kwa saa moja au mbili usiku, na baadaye kuruhusu magari kupita upande mmoja kwa siku kadhaa, mara nyingi huwaacha wananchi na maswali. Anayepita asubuhi huikuta lami ile ile na kingo zile zile, wala haoni shimo lililozibwa. Kazi yenyewe imefanyika chini ya miguu yake, mahali ambapo mihimili ya daraja hukutana na nguzo, na kilichobadilishwa ni beringi.

Beringi zinazotumika katika madaraja mengi ya zege ni mito ya mpira mgumu ambayo ndani yake mna mabamba membamba ya chuma yaliyopangwa kwa tabaka. Mto huo hubeba uzito wa daraja na wakati huo huo huliruhusu lijongee kidogo. Muhimili wa zege wenye urefu wa mita 20 hurefuka kwa takriban milimita 4 joto lake linapopanda kwa nyuzi 20, na hurudi linaposhuka. Mpira hufuata mwendo huo kwa kuinama, hivyo nguzo haisukumwi.

Mpira huo huchoka kabla ya zege. Mkaguzi huutambua uchovu wake kwa nyufa za pembeni, uvimbe usiolingana, kutu inayotoka katika mabamba ya ndani, au mto uliohama mahali pake. Beringi iliyokwama humaanisha kuwa nguvu ambayo mpira ungeimeza inaingia moja kwa moja katika zege, na kichwa cha nguzo huanza kupasuka.

Waraka unaotangulia jeki

Kabla ya kuinua chochote, mkandarasi huwasilisha kwa mhandisi msimamizi waraka wa utaratibu wa kazi. Waraka huo hujibu maswali matatu: daraja litaegemea nini beringi zitakapotolewa, litainuliwa na kushushwa kwa mpangilio gani, na magari yatapita lini na wapi. Majibu yote matatu hufungwa na sharti moja: gari lisipite juu ya daraja wakati uzito wake umebebwa na mafuta ya jeki peke yake.

Ili kuona jinsi sharti hilo linavyofanya kazi, tuchukue mfano wa daraja la njia mbili, ambalo kila kipande chake kina urefu wa mita 20 na hubebwa na mihimili minne. Zege, lami na kingo za kipande kimoja cha namna hiyo vinaweza kuwa na uzito wa takriban tani 220. Nusu ya uzito huo, tani 110, hukaa upande mmoja juu ya beringi nne, yaani karibu tani 27 au 28 kwa kila beringi. Hata kama ni beringi moja tu iliyoharibika, safu yote ya nne hubadilishwa, kwa kuwa beringi mpya haibonyei sawa na ya zamani, na mzigo ungegawanyika bila uwiano.

Vihimili vya muda

Jeki nne, moja chini ya kila muhimili, zingeweza kuwa za tani 50 kila moja kama daraja lingebaki tupu hadi mwisho wa kazi. Lakini magari yatapita wakati beringi zimetolewa, na sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu lori lenye uzito wa hadi tani 56. Lori hilo likifika mwisho wa kipande, muhimili ulio chini yake unaweza kuongezewa tani 20 au zaidi, mbali na mtikisiko. Kwa sababu hiyo mhandisi katika mfano huu huchagua jeki za tani 100 zenye nati kubwa ya kufungia, ambayo ikikazwa huupeleka mzigo kupitia chuma cha jeki bila kutegemea mafuta.

Swali linalofuata ni mahali pa kuziweka. Kichwa cha nguzo kikiwa kipana, jeki hukaa kando ya beringi, juu ya bamba nene la chuma linalotawanya uzito. Jeki ikisogezwa mno ukingoni, zege la kona linaweza kukatika na kuanguka pamoja nayo. Nafasi isipotosha, mkandarasi hufunga mabano ya chuma kwenye nguzo au hujenga minara ya muda kutoka ardhini. Minara huhitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa udongo ulio chini yake hubonyea unapobebeshwa mzigo. Hivyo hujaribiwa kwanza kwa uzito uliokokotolewa na kuachwa kwa saa kadhaa huku kina chake kikipimwa.

Kihimili cha muda hakibebi uzito wa kwenda chini tu. Gari linapofunga breki hulisukuma daraja mbele, na beringi zilizokuwa zikizuia msukumo huo hazipo tena. Kwa hiyo waraka unapaswa kuonyesha vizuizi vya chuma vinavyozuia daraja lisiteleze mbele wala pembeni. Mchoro usio na vizuizi hivyo hurudishwa kwa mkandarasi.

Mpangilio wa kuinua

Kabla ya usiku wa kazi, mafundi husafisha mianya ya upanukaji iliyojaa mchanga na mawe, hulegeza vyuma vya kingo vinavyounganisha kipande kimoja na kingine, na huhakikisha kuwa mabomba ya maji na nyaya zilizopita darajani zinaweza kufuata mwendo bila kukatika.

Barabara ikishafungwa, jeki zote nne hupandishwa presha kwa pamoja hadi zibebe sehemu ndogo ya mzigo, kisha nusu yake, na kila mara kazi husimama ili kukagua mabamba, vihimili na uvujaji wa mafuta. Geji ya pampu hutumika kama mizani. Jeki ambayo bastola yake ina eneo la sentimita za mraba 140, ikisoma presha ya kilo 200 kwa kila sentimita ya mraba, imebeba tani 28. Kwa hiyo, kabla daraja halijaachana na beringi, mhandisi anajua ni presha gani anayoitarajia.

Daraja likianza kuachana na beringi, huinuliwa milimita moja kwa wakati. Hatari kubwa iko katika tofauti kati ya jeki moja na nyingine, kuliko katika kimo chenyewe. Muhimili mmoja ukitangulia wa jirani, sakafu ya zege inayoiunganisha hupindwa na inaweza kupasuka. Katika mfano huu waraka huweka kikomo cha tofauti ya milimita moja kati ya mihimili jirani. Kikipitwa, kuinua husimama hadi iliyochelewa ifikie nyingine. Kila hatua inapokamilika, fundi huishusha nati ya kufungia hadi karibu igusane, ili jeki ikipoteza mafuta ghafla daraja lishuke kwa unywele tu.

Vipimo viwili husomwa pamoja: presha na mwendo. Presha ikipanda kupita matarajio huku daraja halisogei, kuna kitu kimelikamata, labda jiwe katika mwanya au chuma cha ukingo ambacho hakikulegezwa. Kuongeza nguvu wakati huo ni kuvunja kitu. Bastola ikitoka bila daraja kupanda, kihimili ndicho kinachozama. Ndiyo sababu kimo cha daraja hupimwa pia kutoka alama iliyo mbali na nguzo inayobebeshwa mzigo. Kipimo kilichofungwa kwenye kihimili kinachozama kingezama nacho na kuonyesha kana kwamba kazi inaendelea vizuri.

Katika mfano huu milimita 8 zinatosha. Mpira uliobonyea hurudi kidogo unapoondolewa mzigo, na nafasi inayobaki huwezesha beringi kuchomolewa. Kisha nati hukazwa, presha huachiliwa polepole, na daraja hukaa juu ya chuma. Vipimo husomwa tena, na mhandisi husaini ruhusa ya kufungua barabara.

Magari na watembea kwa miguu

Kuinua na kushusha ndizo hatua mbili zinazohitaji daraja tupu kabisa, na hupangwa usiku ambapo magari ni machache. Katika siku za katikati, magari hupita kwa zamu katika njia moja, kwa mwendo usiozidi kilomita 20 kwa saa, huku washika bendera wa pande mbili wakiwasiliana kwa redio. Bamba la chuma huwekwa juu ya mwanya ili kulainisha ngazi ya milimita 8. Kipande kingetikiswa kila gurudumu linapoigonga ngazi hiyo kwa kasi, na mtikisiko huo ndio unaoweza kulegeza kihimili. Eneo la chini ya daraja huzungushiwa uzio, na njia ya watembea kwa miguu huhamishiwa upande usio na kazi.

Waraka unapaswa pia kujibu swali la gari la wagonjwa linalofika katikati ya kuinua. Kwa kuwa nati huifuata bastola katika kila milimita, kazi inaweza kusimamishwa, nati zikakazwa, mzigo ukahamia kwenye chuma na gari likapitishwa taratibu peke yake. Muda unaohitajika kwa hatua hiyo hupimwa katika zoezi la majaribio, na hospitali na polisi wa eneo hujulishwa mapema.

Kushusha

Beringi ya zamani ikitoka, kitako chake husafishwa na kusawazishwa kwa saruji maalumu isiyosinyaa, na beringi mpya huwekwa juu yake ikiwa imelala sawasawa. Hatua hii ndiyo huchukua siku, kwa sababu saruji lazima ikomae. Vipande vya sampuli vilivyomwagwa siku hiyo hiyo huvunjwa katika mashine, na daraja halishushwi hadi vifikie nguvu iliyoandikwa katika michoro. Likishushwa mapema kitako husagika, na kazi yote hurudiwa.

Usiku wa kushusha, jeki huinua kidogo ili kulegeza nati, kisha daraja huteremshwa milimita moja moja kwa utaratibu ule ule, kinyume. Fundi hupitisha kipande chembamba cha chuma kuzunguka kila beringi. Kikipenya mahali popote, beringi haijakaa sawa na daraja huinuliwa tena. Jeki huondolewa baada ya vipimo kulingana na vile vya kabla ya kazi.

Mwananchi anayesimamishwa usiku hubaki na wajibu mmoja ulio mikononi mwake: kusubiri bendera na kushika mwendo uliowekwa hadi siku ambayo alama zitaondolewa. Siku za katikati, ambapo barabara inaonekana imefunguliwa, ndizo ambazo daraja bado linakaa juu ya nati nne za chuma.